Masaa sita ya gemu, ni ugonjwa?

"Mwanangu ana miaka 15, likizo hii anacheza gemu masaa sita kwa siku, nikimnyang'anya simu anafoka. Mimi mama yake naogopa, ni ugonjwa?"

Pole dada. Masaa peke yake hayatoshi kusema ni ugonjwa, na kufoka kwa kunyang'anywa simu katikati ya mechi pia hakutoshi. WHO wameuweka ugonjwa wa gemu kwenye orodha yao iliyoanza kutumika 2022, na wanaangalia vitu vitatu kwa pamoja: hawezi kujizuia, gemu imepita kila kitu kingine, na anaendelea hata akiona inamharibia. Halafu maisha yake yawe yameyumba kweli, shule, usingizi, familia, na kawaida iwe imedumu kama miezi 12, ikiwa kali sana hata chini ya hapo.

Wangu likizo alikuwa hivyohivyo, shule ilipofunguliwa akarudi mpirani mwenyewe, basi nikajua ni likizo tu. Ila mpwa wangu alikuwa anacheza mpaka alfajiri, analala darasani, marafiki kawakimbia, tulipompeleka kwa mwanasaikolojia ikaonekana alianza na sonona, gemu ilikuwa maficho, kwa hiyo kumnyima simu tu kusingetibu kitu.

Wiki mbili hizi andika analala saa ngapi, anakula na nani, ameacha nini alichokuwa anakipenda. Simu ilale chumbani kwako, mkubaliane kabla, usimvizie. Akigoma shule, akijitenga kabisa au akitamka kutaka kufa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.