Kukuza picha ya uso iliyohaririwa kwa akili mnemba: ngozi itoke kwenye picha ya kamera

Picha ya uso ikitoka kwenye kihariri cha akili mnemba, mara nyingi huwa ndogo. Niliyoishughulikia karibuni ilikuwa na pikseli 1024 kwa 1536, na mteja alitaka fremu ya inchi 12 kwa 18. Mandhari ya nyuma yalikuwa yamebadilishwa na mwanga umesawazishwa, na kwenye simu ilipendeza. Matatizo huanza unapoikuza. Ngozi inakuwa ya plastiki, au mashavuni vinaota vimistari vilivyojipindapinda.

Ukijua chanzo, utajua pa kushika. Real-ESRGAN, programu ya kukuza picha ambayo Upscayl pia inaitumia, ilifundishwa kwa picha zilizoharibiwa makusudi kwa ukungu, chenga na mgandamizo wa JPEG, ili ijifunze kuzisafisha. Kwake vinyweleo hafifu vya ngozi ni chenga, hivyo inavipangusa. Lakini michoro midogo iliyoachwa na kihariri ikiwa imekolea, inaidhania kuwa ni sehemu ya uso na kuichora upya kwa ukali. Ukinoa baada ya hapo, unakoleza kosa, na ngozi hairudi.

Ngozi ya kweli unayo tayari: iko kwenye picha ya kamera kabla haijahaririwa. Mimi huikuza picha iliyohaririwa kwanza, kisha narudishia ngozi kutoka ile ya awali.

Kukuza kwenyewe ni amri moja:

```
realesrgan-ncnn-vulkan -i picha.png -o kubwa.png -n realesrgan-x4plus
```

Kama programu yako ina chaguo la kurekebisha uso, lizime. Vifaa kama GFPGAN huuchora uso upya, na unaweza kupata mtu anayefanana na mteja wako lakini si yeye. Amri hii itakupa pikseli 4096 kwa 6144. Ipunguze hadi 2400 kwa 3600, yaani pikseli 200 kwa kila inchi, ambazo zinatosha kwa picha ya kutazamwa ukutani. Kupunguza huko pia hufuta sehemu ya michoro ya uongo.

Sasa fungua GIMP. Weka picha ya kamera juu ya hiyo iliyokuzwa, kisha ipunguze au ikuze mpaka macho, pua na midomo vilingane. Usiiharakishe hatua hii. Weka leya ya juu kwenye hali ya `Difference`: pale picha zinapolingana panakaribia kuwa peusi, na ukiona mstari mweupe pembeni mwa pua, bado hazijakaa. Zikikaa, irudishe hali kuwa `Normal`, kisha ibadilishe leya ya kamera iwe ya kijivu.

Nakili leya hiyo ya kamera, ipe nakala `Gaussian Blur` ya takriban 4, kisha iweke kwenye hali ya `Grain extract`. Chagua `New from Visible`. Utapata leya ya kijivu yenye vinyweleo na mikunjo midogo tu, bila rangi wala mwanga. Zifiche zile mbili za kamera, na leya mpya uiweke kwenye `Grain merge`.

Kabla ya kuitazama, nakili pia picha iliyokuzwa, uipe ukungu uleule wa 4, na kwa maski uuache kwenye ngozi pekee. Ukungu huo unaondoa umbile la uongo. Ukiuruka, ngozi mbili zitapandiana. Leya ya vinyweleo nayo ipe maski hiyohiyo. Kope, nyusi, kingo za midomo na mstari wa nywele visiguswe. Uzito wa leya ya vinyweleo nilianza na asilimia 60. Kwa mtu mzima mwenye mikunjo nadhani 50 inamfaa zaidi, maana uchapaji huikoleza.

Kunoa huja baada ya hapo, na ngozi haiguswi. `Unsharp Mask` yenye radius 1 na amount 0.5, kwa maski kwenye macho, kope, misuko na kitambaa, inatosha. Kwa ngozi nyeusi kuwa mwangalifu zaidi kwenye paji la uso na mashavu, kwa sababu ukali hapo hugeuza mng'ao kuwa vidoa vyeupe, na mtu anaonekana amepakwa mafuta.

Njia hii ina mpaka wake. Kihariri kikiwa kimegeuza kichwa au kuhamisha mwanga kutoka kushoto kwenda kulia, vinyweleo vya awali vitakuwa na vivuli vya upande usio sahihi. Hapo, au picha ya awali isipopatikana, tumia `RGB Noise` hafifu baada ya kunoa, ukiwa umezima `Independent RGB` ili chenga zisiwe na rangi. Hazitakuwa vinyweleo, ila zitaondoa ule ulaini wa plastiki. Zitie picha nzima, kwani zikiwa usoni tu mandhari yataonekana yamebandikwa.

Kagua kwa ukubwa wa asilimia 100, hasa mabawa ya pua na pale nywele zinapoanzia, kisha chapisha kipande kidogo cha uso kwa ukubwa halisi. Kwa mchapaji tuma PNG, na kama ni kwa WhatsApp, itume kama faili, kwa sababu ikitumwa kama picha inapunguzwa na kugandamizwa upya.