Pasipoti nane kwenye karatasi moja ya inchi 4 kwa 6

Mdogo wangu unayeanza kazi studio, kabla hujagusa kompyuta, ilaze karatasi. Karatasi ya inchi 4 kwa 6 ina milimita 102 kwa 152, na picha ya pasipoti tunayotoa mara nyingi ni milimita 35 kwa 45. Ukiisimamisha, upana unachukua picha mbili tu, kwa sababu tatu zinataka milimita 105 nawe umepungukiwa 3. Kwenda chini zinaingia tatu, jumla sita. Ukiilaza, nne zinakaa kwa upana na mbili kwenda chini. Hizo ni nane, na nafasi ya mkasi bado ipo. Nilifanya kazi mahali ambapo tulitoa sita kila siku, na picha mbili za kila karatasi zilikuwa zinapotea bure.

Sasa fungua Photoshop. Rekebisha uso, mwanga na rangi ya nyuma kwanza, kwa sababu ukishazipanga nane, kosa moja limeshakuwa makosa manane. Kata kwa `Crop Tool` ukiandika 3.5 cm, 4.5 cm na 300 px/in. Utapata picha ya pikseli 413 kwa 531. Kama nyuma ni nyeupe, chagua picha yote, nenda `Edit > Stroke`, weka mstari wa kijivu wa pikseli 1 upande wa `Inside`. Bila mstari huo hutajua picha inaishia wapi wakati wa kukata, kwa kuwa weupe wa picha na weupe wa karatasi vinaungana.

Kisha nenda `Image > Canvas Size`, andika pikseli 425 kwa 543, rangi nyeupe. Umeizungushia picha ukingo wa pikseli 6, yaani nusu milimita kila upande. Zikikaa jirani, kati yake panakuwa na milimita moja ya kupitisha kisu. Chagua yote tena, halafu `Edit > Define Pattern`.

Hapa ndipo wageni wengi hukwama. Wanafungua ukurasa mpya wa inchi 6 kwa 4, wanaujaza, kisha wanaona kipande cha sikio upande wa kulia na vipaji vya nyuso chini. Sababu ni kwamba programu huanza kupanga juu kushoto na kuendelea hadi nafasi iishe, iwe picha imetimia au haijatimia. Ukurasa wa 1800 kwa 1200 unabakiza pikseli 100 pembeni na 114 chini, nazo lazima zijazwe na kitu. Kwa hiyo fungua ukurasa wa nane kamili: pikseli 1700 kwa 1086, 300 px/in. Jaza kwa `Edit > Fill`, `Contents: Pattern`. Baada ya hapo rudi `Canvas Size`, andika 1800 kwa 1200 ukiacha picha katikati. Weupe unagawanyika sawa kushoto na kulia, na sawa juu na chini.

Ukifungua ukurasa kwa inchi, angalia namba ya `Resolution`. Ikibaki 72, kompyuta inakupa ukurasa wa pikseli 432 kwa 288 tu, na utaona nusu ya juu ya uso mmoja imeujaza wote.

Kwenye kuprinti, ondoa tiki ya `Scale to Fit Media`, acha `Scale` iwe 100%. Usichague `Borderless`. Printa inayochapa bila ukingo huikuza picha kidogo ili ivuke mwisho wa karatasi, na ukuzaji huo unaharibu kipimo chako. Karatasi yetu ina weupe wa karibu milimita 5 kuzunguka picha, kwa hiyo ukingo wa kawaida wa printa hautagusa uso wa mtu.

Mimi niliwahi kurudishiwa picha na mama mmoja aliyekataliwa dirishani kwa sababu zilikuwa kubwa. Nilikuwa nimepima picha moja kwa rula, nikaona 36 na kidogo, nikadhani jicho langu limekosea. Pima safu nzima: kutoka mstari wa kushoto wa picha ya kwanza hadi mstari wa kulia wa picha ya nne iwe milimita 143. Safu yangu ya siku ile ilikuwa 148. Kwenye picha moja kosa hilo ni zaidi kidogo ya milimita moja, lakini kwenye safu ni tano, na tano huwezi kuzipuuza. Pima kabla ya kukata, maana ukishakata safu haipo tena.

Mteja akishaondoka, futa picha yake kwenye orodha ya `Pattern`. Nyuso za jana hubaki pale zikiwa ndogo sana, zinafanana, na siku ya foleni ni rahisi kubofya ya jirani. Tena ni uso wa mtu, hakukuachia uuhifadhi.