Kutoka ree hadi kumi: maswali yenu kuhusu namba za taroti

Shikamoo mwalimu. Mimi nina karata za kawaida tu za kuchezea. Ninaweza kujifunzia namba za taroti, au lazima ninunue seti yake? (Njiro, Arusha)

Marahaba. Unaweza, na lugha yetu imekurahisishia kazi. Majina ya karata tunayoyatumia tuliyapata kwa Wareno: kopa ni kikombe, shupaza ni upanga, uru ni dhahabu, na pau, ambayo wengine huiita maua, ni gongo. Hizo ndizo jamii nne za arkana ndogo, yaani karata za taroti zilizogawanywa kwa jamii: vikombe, mapanga, sarafu na magongo. Kijana anayepigiza shupaza mezani pale kijiweni anataja upanga bila kujua.

Ondoa karata za picha, ubaki na arobaini, kuanzia ree (ile ya moja) hadi kumi katika kila jamii. Kopa huzungumzia mapenzi na hisia, shupaza fikra na ugomvi, uru mali na riziki, pau hamu na juhudi. Kukosa michoro kusikusumbue. Kabla ya seti aliyoichora Pamela Colman Smith, iliyochapishwa London mwaka 1909, karata za namba katika seti nyingi za taroti hazikuwa na michoro ya watu na matukio. Zilionyesha vikombe vitano au mapanga saba tu, na msomaji alitegemea namba na jamii. Nitakapoeleza picha hapa chini, nitakuwa nikitaja za seti hiyo ya 1909.

Kwa nini kila nikitoa tano mambo huwa mabaya? Ni namba ya mkosi? (Sakina, Arusha)

Si mkosi, ila ni kweli kwamba hakuna tano inayofurahisha. Ili kuelewa sababu, tandaza kopa zote kumi kwa mstari na uzifuate kama unavyofuata hadithi.

Katika ree, mkono unatokea winguni umeshika kikombe kinachofurika. Hisia ipo, lakini bado haina mwenyewe. Katika mbili, mwanamume na mwanamke wanaelekezeana vikombe, na katika tatu wanawake watatu wanacheza wakiwa wameinua vyao: jambo limepata mwenzi, kisha limezaa. Nne huliwekea jambo hilo kuta. Kuta ni nzuri hadi pale mtu anapoanza kuzichoka, na ndiyo maana kijana wa nne ya kopa amekaa chini ya mti, amekunja mikono, hataki hata kukitazama kikombe anachopewa.

Tano inakuja kuvunja kuta hizo. Mtu aliyejifunika joho jeusi anavitazama vikombe vitatu vilivyomwagika, na nyuma yake vimesimama viwili ambavyo hajaviona. Hesabu hiyo, tatu kwa mbili, ndiyo msomaji anayeanza huipita haraka. Tano haisemi kwamba umepoteza vyote. Inasema utulivu wa nne umevunjika na macho yako yako kwenye kilichomwagika. Kuanzia sita hadithi inapata pumzi, saba inaleta vishawishi vingi kwa mpigo, nane inamwondoa mtu akaviache vikombe nyuma yake, tisa inampa ridhaa ya peke yake, na kumi inaileta familia nzima chini ya upinde wa mvua.

Kwa hiyo ukitoa tano, uliza kwanza ni nne gani iliyovunjika. Ukikosa jibu, inawezekana umeitumia karata kuelezea huzuni uliyokuwa nayo kabla hujaichanganya.

Ninauza mitumba. Nimefungua belo mbili mbovu mfululizo, nikatandaza karata tatu: tatu ya uru, tano ya uru na saba ya uru. Niache biashara? (Kiborloni, Moshi)

Pole, dada. Karata zako zote ni za jamii moja, hivyo swali ni la fedha tupu, na namba zinapanda kwa mpangilio. Hapo ninachotazama kwanza ni zile ambazo hazikutokea.

Tatu ya uru ni fundi kazini, na wawili wanamsikiliza wakiwa na mchoro mkononi. Bila shaka ulianza vizuri, na kuna watu waliokusaidia kuanza. Kisha umeruka nne na kuingia tano, ambako masikini wawili wanapita kwenye theluji chini ya dirisha lenye mwanga. Nne ya uru ni mtu aliyekumbatia sarafu zake: akiba, hata ikawa ya ubahili. Ningekuuliza kama faida ya mwanzo uliwahi kuitenga, au kila ulichopata kilirudi kwenye belo lililofuata. Kama hukutenga, belo mbili mbovu zilitosha kukuangusha, wakati mwenye akiba angeumia tu na kuendelea.

Umeruka pia sita, ambako tajiri mwenye mizani anawapa wenye shida. Huenda hujaomba msaada, au hujazungumza na aliyekuuzia kuhusu kufidiwa walau sehemu.

Saba si ruhusa ya kuacha wala ahadi ya faida. Mkulima ameegemea jembe, sarafu sita zipo kichakani na moja iko miguuni pake. Mwenye kihamba atamwelewa mara moja: mche wa kahawa unahitaji karibu miaka mitatu kabla ya kuvuna cha maana, na katikati kuna siku ya kusimama na kuamua kama unaendelea kupalilia au unang'oa. Fanya hesabu kabla ya belo la tatu: mtaji uliobaki, madeni, na nguo zilizo mkononi ambazo bado zinaweza kuuzika. Ni belo lipi zuri, karata haijui. Hilo muulize mzoefu wa soko.

Tahadhari moja. Kama saba ndiyo uliyoitoa kwanza na tatu ikaja mwisho, usizipange upya ili hadithi ipande. Namba zinazoshuka husimulia mtu anayerudi hatua ya mwanzo, na hiyo ni hadithi nyingine kabisa.

Kama kumi ni ukamilifu, mbona kumi ya shupaza ina mtu aliyelala na mapanga kumi mgongoni? (Soweto, Moshi)

Kwa sababu kukamilika si kufanikiwa. Namba inasema jambo limefika wapi, jamii inasema ni jambo gani. Upendo ukikamilika unakuwa familia, na mali ikikamilika inakuwa urithi, kama ule wa mzee wa kumi ya uru mwenye mbwa na familia. Juhudi iliyojaa hadi mwisho inakuwa mzigo, ndiyo maana mtu wa kumi ya pau ameinama chini ya magongo yake. Ugomvi nao ukiendelezwa hadi tone la mwisho humlaza mtu chini.

Hapa ndipo wanaokariri kwamba "kumi ni furaha" hukwama. Lakini tazama nyuma ya maiti yule: mbingu ni nyeusi juu, na kwenye upeo kuna rangi ya njano. Katika tisa ya shupaza mwanamke ameketi kitandani usiku, ameficha uso, na giza nyuma yake halina ufa. Mimi binafsi naiogopa tisa kuliko kumi, kwa kuwa katika tisa jambo bado linaendelea.

Malkia na mfalme nao nihesabu kumi na tatu na kumi na nne? (Usa River)

Hapana. Katika usomaji huu hadithi inaishia kumi. Wale ni watu wanaoweza kuingia katika hatua yoyote, kwa hiyo wasome kwa tabia zao na kwa namba ya karata iliyo jirani nao.