Hotuba ya kumuaga mstaafu: vituko vya grupu visomwe ukumbini?

"Wakuu, mzee wetu wa masjala anastaafu, hafla ni Ijumaa. Nimeokota vituko vyake vyote kwenye grupu la WhatsApp ili ukumbi ucheke. Niviseme vipi, kwa dakika ngapi, na zawadi gani inafaa?"

Usivisome! Futa kwanza vyote alivyochekwa yeye, ndipo tuongee.

Mimi nilimuaga dereva wetu mkongwe. Kila mwisho wa mwezi aliandika kwenye grupu, "Nani ana elfu kumi? Tarehe 25 naleta." Ofisini ujumbe huo ukiingia tu, watu mbavu hawana. Basi nikausoma ukumbini, na sauti yake nikaiga. Meza za wafanyakazi zikalipuka kwa kicheko. Meza ya mbele walikaa mkewe, wanawe na wakwe. Binti aliyekuwa akirekodi akashusha simu. Mkwe mmoja akamnong'oneza mwenzake. Mzee alicheka, lakini mikononi alikuwa akikunja kitambaa cha karatasi, akakikunja tena na tena mpaka kikawa kidogo kama kiberiti. Wale hawakusikia utani wetu. Walisikia kwamba baba yao alikuwa ombaomba kazini.

Na aliyenipotosha ni MC! "Wewe Mhehe, yeye Mngoni, ninyi ni watani, mwaga tu." Mwaga nini? Utani wa Wahehe na Wangoni una wenyewe: unamtania mtu, naye anakurudishia papo hapo. Mstaafu aliyekalishwa mbele hana kipaza sauti cha kurudishia, na wakwe zake ni Wachaga, hawamo kabisa katika utani huo. MC alichukua hela yake akaondoka, mimi nikabaki natazamana na familia ya watu. Mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo shika hili moja: soma utani alioutoa yeye, kamwe usisome aliotaniwa. Rudi kwenye grupu, utafute jina lake, usome alichoandika na kilichotangulia kabla yake. Yule dereva, siku gari lilipokwama topeni na bosi yuko kituoni anafoka kwenye grupu, alijibu: "Gari halijakwama bosi, linapumzika. Tunalibembeleza." Kisha akavua viatu, akaingia kwenye tope wa kwanza. Ningesimulia hicho: mahali, shida, maneno yake yeye, halafu alichofanya. Ukumbi ungecheka pamoja naye, na wanawe wangemtambua baba yao.

Visa viwili vya namna hiyo vinatosha, dakika tano zimeisha. Ukimaliza geukia familia, umshukuru mama kwa alfajiri zote alizomwamsha mumewe aje kutuhudumia, kisha umtaje mzee kwa jina lake kamili, si lile la utani.

Na Alhamisi mpe mwanawe mmoja aisome hotuba nzima. Akisita kwenye mstari wowote, ufute hapo hapo, wala usimuulize kwa nini.