"Utapiamlo mkali 9.3%" ni SAM au GAM?

*Swali: Natafsiri kwa Kiingereza ripoti ya robo mwaka ya mradi wa lishe kwa wakimbizi mkoani Kigoma. Maelezo yameandikwa kwa Kiswahili, na kiambatisho cha wenzetu wa Kivu Kusini kiko kwa Kifaransa. Sentensi moja inasema: "Utapiamlo mkali umepungua kutoka 12.4% hadi 9.3%, sawa na punguzo la 25%." Niliandika SAM, mhariri akaniuliza kama nina uhakika. Vifupisho na takwimu kama hizi nizisimamieje?*

Mhariri wako ana haki ya kuuliza. Neno "mkali" hubeba maana mbili katika ripoti zetu. Wahudumu wa afya wengi wakisema "utapiamlo mkali" wanakusudia hali mbaya kabisa, yaani SAM, na ile ya chini yake, MAM, wanaiita "utapiamlo wa kadiri". Lakini waandishi wa miradi hulitumia neno hilohilo kwa utapiamlo wote wa ghafla, kadiri na mbaya kwa pamoja, ambao ndio GAM. Sentensi peke yake haiwezi kukuamulia. Nenda kwenye jedwali.

Tuseme jedwali lako linaonyesha watoto 2,000 wa miezi 6 hadi 59 waliopimwa mzunguko wa mkono wa juu. Waliokuwa chini ya milimita 115 ni 40, na walioanzia 115 lakini hawakufika 125 ni 146. Kundi la kwanza ni SAM, sawa na 2%. La pili ni MAM. Ukiyajumlisha unapata 186, na 186 kwa 2,000 ni 9.3%. Basi sentensi ilizungumzia GAM. Angalia pia kama kuna safu ya watoto waliovimba miguu yote miwili: hao huhesabiwa SAM hata kama mkono wao unapita 125, kwa hiyo hesabu inaweza kusogea kidogo.

Ungeacha SAM 9.3%, mfadhili angesoma kwamba karibu mtoto mmoja kati ya kumi yuko hatarini kufa, akauliza kwa nini hamkutangaza dharura. Kosa la aina hii niliwahi kulifanya, na mratibu wa mradi alitumia wiki nzima kujibu barua ambazo zisingeandikwa kamwe.

Hiyo 25% ni sahihi kihesabu, kwa sababu 3.1 ni robo ya 12.4. Hata hivyo msomaji wa haraka anaweza kudhani kiwango kimeshuka kwa pointi 25 nzima za asilimia. Andika kwamba kimeshuka kwa pointi 3.1 za asilimia, halafu utaje robo ukipenda. Tena, usiitafsiri hiyo 9.3% kwa neno la kitakwimu linalomaanisha kiwango cha jamii yote, isipokuwa takwimu zimetokana na utafiti wa sampuli. Watoto waliopimwa kwa kanda kituoni ni wale waliofika kituoni tu.

Kiambatisho cha Kifaransa kina mtego wake. MAM ni MAM katika lugha zote mbili, jambo linalomfanya mtu aamini kwamba vifupisho vingine navyo havibadiliki. Lakini SAM kwa Kifaransa ni MAS, GAM ni MAG, na WFP, yaani Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ni PAM. Koma nayo: "9,3" ya Kivu ni 9.3 yako, na "2 000" yenye nafasi katikati ni elfu mbili.

Kwa hiyo kabla ya kutafsiri ukurasa wa kwanza, tengeneza orodha ya istilahi yenye safu nne: neno la Kiswahili, kifupisho cha Kifaransa, kifupisho cha Kiingereza, na jedwali au mtu aliyethibitisha. Safu ya nne ndiyo inayokulinda miezi sita baadaye, ripoti inayofuata ikija. Weka humo neno "walengwa" pia. Kwa wengine ni waliopangiwa huduma, kwa wengine ni waliokwisha kuipata, na mfadhili hulipia tofauti hiyo. Ukiona "walengwa 2,400" na waliopimwa ni 2,000, muulize afisa ufuatiliaji kwa maandishi, usikisie.

Ukimaliza, fungua matini zote mbili kwenye Word, andika `^#` kwenye kisanduku cha kutafuta na uangazie matokeo yote. Kila tarakimu itang'aa. Zipitie sambamba, ukurasa kwa ukurasa, bila kusoma maneno. Kisha tafuta SAM moja moja, na kila unapoikuta rudi kwenye jedwali uone kama nambari iliyo pembeni yake ni ya wale 40 au ya wale 186.