Maswali na majibu: madai ya mkandarasi wa umeme pale idhini ya mabadiliko inapochelewa

Mhandisi, michoro iliyobadilishwa bado haijaidhinishwa na muda wa mapitio umeshapita. Nidai sasa au nisubiri idhini itoke ndipo nijue jumla ya siku?

Peleka notisi sasa. Madai yana hatua mbili, na wengi huzichanganya: kwanza notisi fupi inayosema tukio limetokea na linaweza kuchelewesha kazi, kisha madai kamili yenye hesabu na vielelezo. Notisi haihitaji idadi ya siku.

Chini ya mkataba wa FIDIC wa 1999, kifungu 20.1, una siku 28 tangu ulipojua, au ulipopaswa kujua, kuhusu tukio. Zikipita, unapoteza haki ya kuongezewa muda. Madai kamili yanafuata ndani ya siku 42 tangu siku ile ile. Toleo la 2017 limeongeza hizi za pili kuwa 84. Kama tukio linaendelea, unapeleka madai ya mpito kila mwezi hadi liishe. Siku zinaanza kuhesabiwa idhini inapokosekana tarehe yake, kwa hiyo anayesubiri barua ya idhini mkononi huwa amekwisha kuchelewa. Ukiwa mkandarasi mdogo, soma mkataba wako na mkandarasi mkuu: mara nyingi siku zako ni chache zaidi, kwa sababu naye anahitaji muda wa kupeleka notisi yake juu.

Idhini ya michoro ya bodi kuu ya umeme ilichelewa siku 42. Tumeomba 42, mshauri ametupa 24. Ametuonea?

Kwa karatasi ulizotuma, hapana, na inafaa uone kwa nini. Mliwasilisha michoro 3 Machi. Muda wa mapitio ni siku 21, hivyo jibu lilitakiwa 24 Machi. Lilikuja 5 Mei. Siku 42 ni kweli.

Lakini ratiba iliyokubaliwa inaonyesha oda ya bodi ilikuwa na akiba ya siku 10 kabla ya kugusa tarehe ya kukamilisha. Kuanzia 24 Machi hadi 3 Aprili ucheleweshaji ulikula akiba hiyo tu. Kuanzia hapo kila siku iliyopita ilisogeza mwisho wa mradi, maana bila idhini kiwanda hakipokei oda, na bila bodi hakuna kupima wala kuwasha umeme. Zinabaki 32.

Kisha tarehe 14 Aprili mshauri aliomba hesabu za mkondo wa shoti, nanyi mkazipeleka tarehe 22. Vipimo vya mradi vinasema hesabu hizo ziambatane na michoro tangu mwanzo. Siku hizo 8 ni zenu, na ndipo 24 inapopatikana. Kama angeomba kitu kisichokuwamo kwenye vipimo, ningekuambia uzipiganie zote 8.

Barua yenyewe iandikweje? Ya kwetu ina kurasa tisa na imerudishwa.

Kurasa tisa za malalamiko hazimsaidii mtu anayetakiwa kutoa uamuzi. Anachotafuta ni chanzo, tarehe na namna ucheleweshaji ulivyofika kwenye tarehe ya mwisho. Kwa mradi wa swali lililotangulia, kiini cha barua kingekuwa hiki:

"Kwa agizo la mabadiliko namba 7, bodi kuu ilipandishwa kutoka ampea 1600 hadi 2000. Michoro iliwasilishwa 3 Machi na idhini ilitakiwa 24 Machi. Ilitolewa 5 Mei, na oda ikatolewa 6 Mei. Baada ya kutoa akiba ya ratiba ya siku 10, na siku 8 tulizochukua kukamilisha hesabu, tunaomba tarehe ya kukamilisha isogezwe kwa siku 24."

Taja pia kifungu unachotumia na tarehe ya notisi yako. Ambatanisha fomu ya uwasilishaji yenye muhuri wa kupokelewa, barua ya idhini, oda ya kiwanda, na ratiba mbili: ya kabla ya tukio na ya baada yake. Ule muhuri ndio unaokosekana mara nyingi. Michoro ikikabidhiwa mkononi saiti bila saini, tarehe ya kuanza mapitio inakuwa neno lako dhidi ya lake.

Kutaja siku zako 8 mwenyewe si udhaifu. Mshauri ataziona tu, na akiziona umezificha ataanza kutilia shaka hata zile 24.

Tukiongezewa muda, gharama za kukaa saiti zinalipwa pia?

Si moja kwa moja. Nyongeza ya muda inakuondolea kulipa fidia ya ucheleweshaji kwa siku hizo. Mishahara ya wasimamizi, ofisi ya saiti na kodi ya vifaa vinadaiwa kwa kifungu chake na kwa risiti zake. Notisi iseme mapema kwamba unadai muda na malipo ya ziada, vyote viwili.