Mbao Zilizonyooka Yadini, Zikapinda Dukani

*Shikamoo. Mimi ni seremala hapa Iringa mjini, natengeneza fremu za milango. Mbao za paina nazinunua Mafinga zimenyooka kabisa, muuzaji anazipima kwa kile kimashine mbele yangu na kinaonyesha zimekauka. Mwezi haujaisha fremu zimejisokota, viungo vimeachia. Nimesikia kuna yadi ulienda kuwasaidia tatizo kama hili. Mlifanya nini, na kweli lilikwisha?*

Marahaba. Yadi hiyo ipo Mafinga, na mwenyewe ameniruhusu nieleze kila kitu isipokuwa jina lake. Aliniita baada ya mteja wa Dodoma kumrudishia mzigo wa mbao za mbili kwa sita. Yeye aliamini mzigo ulinyeshewa njiani. Alikuwa na kipima unyevu kama hicho ulichoonyeshwa, na mbao zilizobaki yadini zilisoma asilimia 17, kwa hiyo hakuona kosa lake liko wapi.

Nilianza na kipimo ambacho hakidanganyi. Tulichukua ubao mmoja wa rundo lilelile, tukakata nusu mita ya kichwani na kuiweka kando, kwa sababu kichwa hukauka upesi kuliko ubao wenyewe. Hapo ndipo tukakata kipande cha unene wa inchi 1, upana wote wa ubao. Mizani ya jikoni ilisoma gramu 114. Tukakiweka kwenye oveni ya nyuzi 103, tukawa tunakipima kila baada ya saa chache mpaka uzito ukaacha kushuka. Kesho yake kilibaki gramu 82.

```
unyevu % = (uzito mbichi - uzito mkavu) / uzito mkavu x 100
(114 - 82) / 82 x 100 = 39
```

Asilimia 39, wakati kimashine kilisema 17. Kimashine hakikuwa kibovu. Sindano zake zinaingia milimita chache tu, na ngozi ya ubao ilikuwa imekaushwa na jua na upepo wa Mufindi. Ubao wa inchi 2 unaweza kuwa mkavu juu na kuloa katikati kwa wiki nyingi. Ukitaka kukitumia kimashine, kata ubao katikati kisha chomeka sindano kwenye uso mpya uliokatwa, maana huko ndiko unyevu ulikojificha.

Sasa nieleze kwa nini ubao wenye asilimia 39 unaonekana umenyooka. Maji ya mti yako sehemu mbili: yapo yanayojaa kwenye matundu ya chembe, na yapo yaliyonywewa na kuta za chembe zenyewe. Ya matunduni ndiyo hutoka kwanza, na yakitoka ubao unapungua uzito bila kubadilika umbo. Kusinyaa kunaanza karibu na asilimia 30, kuta zinapoanza kupoteza maji yake. Kwa hiyo mbao ulizonunua zilinyooka kwa sababu zilikuwa hazijaanza kukauka kule kunakohesabika. Kazi yote ya kusinyaa ilifanyika dukani kwako, ubao ukiwa tayari umeshapigwa randa na kuungwa. Na hausinyai sawasawa: kuzungukia pete za mti unasinyaa karibu mara mbili ya kutoka kiini kwenda gome. Ndiyo maana ubao hujikunja kama kigae, mgongo ukiwa upande wa kiini.

Pale yadini mbao zilikuwa zikipangwa zimebanana, ubao juu ya ubao, chini kabisa magogo mawili ya kuzuia tope. Hewa haipiti. Katikati ya rundo ukiingiza mkono unahisi joto na uvuguvugu, na mbao zina mabaka ya bluu, ambayo ni ukungu unaopenda ubao usioshuka chini ya asilimia 20.

Mwenye yadi hakuwa tayari kubadili yadi nzima kwa maneno yangu, na alikuwa na haki. Tukafanya jaribio: mbao 120 za magogo ya siku moja, 60 zikapangwa alivyozoea, 60 kwa njia yangu. Njia yangu haina siri. Msingi wa tofali, sentimita 45 kutoka ardhini, umepimwa kwa pima maji. Kati ya safu na safu tuliweka vipapi vya inchi 1 kwa inchi 1, kila baada ya futi 2, na vile vya mwisho karibu kabisa na ncha za mbao. Sharti ambalo vibarua hulisahau ni kwamba kila kipapi kikae juu ya mwenzake, wima kama nguzo. Kikihama hata kwa kiganja, uzito wa juu unaukunja ubao, nao unakauka ukiwa umekunjwa. Juu tuliweka bati lililotokeza pande zote na mawe ya zege ya kulikandamiza rundo, kwa kuwa safu za juu hazina kitu cha kuzishika. Vichwa vya mbao tulivipaka rangi iliyobaki, ili visikauke haraka na kupasuka.

Tulikosea jambo moja mwanzoni. Vipapi tulivikata kwenye mabanzi mabichi ya siku ileile, na baada ya wiki moja kila vilipogusa pakatoka mstari wa bluu. Ikabidi tulifungue rundo lote na kutafuta vipapi vikavu.

Tulianza Septemba, mvua zilipokuwa bado mbali. Kila Jumatatu tulipima uzito wa mbao 3 zilizowekwa alama. Wiki ya 9 uzito ulikuwa haushuki tena, na vipande vya oveni vilitoa asilimia 15. Katika rundo la zamani tulizikataa mbao 23 kati ya 60. Katika rundo la vipapi tulizikataa 7, na hizo 7 zilinifundisha zaidi ya zile nzuri: 6 zilikuwa na kiini cha mti ndani yake. Mbao za karibu na kiini, hasa za miti iliyovunwa michanga, zina nyuzi zilizozunguka kama kamba, na hujisokota hata uzipange vipi. Siku hizi mwenye yadi anazitenga kwenye msumeno na kuziuza kwa mafundi wa kufungia zege.

Je, lilikwisha? Kwa wateja wa Iringa na Mbeya, malalamiko yamepungua sana. Kwa Dodoma bado. Hewa ya Dodoma ni kavu kuliko ya Mafinga, ubao wa asilimia 15 ukifika kule utaendelea kushuka, na hewa ya wazi ya Mafinga haiwezi kuufikisha chini ya hapo bila tanuri la kukaushia. Wateja hao anawaambia wazipange mbao kwa vipapi ndani ya karakana yao wiki 3 kabla ya kukata. Gharama yake kubwa haikuwa tofali wala bati, ilikuwa pesa kulala kwenye rundo wiki 9, na kwa hiyo mbao zilizokaushwa anaziuza bei ya juu kidogo.

Wewe ukienda kununua, angalia kichwa cha kila ubao na uache wenye kiini. Omba ukatiwe kipande kimoja, ukipime kwa oveni ya nyumbani. Mbao ukishazileta, usizisimamishe ukutani, zipange kwa vipapi kivulini, andika uzito wa moja kwa chaki juu yake kila wiki. Usiguse randa mpaka namba mbili za mwisho zilingane.